Matriksi ya mada zenye uzito: jinsi ya kupanga masuala ya ripoti ya uendelevu, kwa mfano wa kampuni ya chai

Katika ripoti nyingi za uendelevu utakuta mchoro wa mraba uliojaa vidoti. Mhimili wima umeandikwa "umuhimu kwa wadau", mhimili mlalo "umuhimu kwa biashara", na masuala yaliyoangukia pembe ya juu kulia ndiyo yanayopewa kurasa nyingi. Mchoro huo unaamua kipi kitaelezwa, kipi kitapimwa na kipi kitaachwa. Kampuni nyingi huuchora kwa njia ya mkato: dodoso linatumwa kwa barua pepe, wastani unakokotolewa, vidoti vinapachikwa. Kwa njia hiyo suala linalowaumiza sana watu wachache huzama chini ya masuala ambayo watu wengi wanayajua kwa jina tu.

Mwongozo huu unafuata kampuni moja ya mfano kutoka mwanzo hadi mwisho. Ina mashamba ya chai na kiwanda katika nyanda za juu za Kericho, inanunua pia majani mabichi kwa wakulima wadogo, na chai yake inauzwa mnada wa Mombasa na moja kwa moja kwa wanunuzi wa Ulaya. Alama nitakazotumia ni za mfano, lakini masuala yenyewe mtu yeyote wa sekta ya chai atayatambua.

Kwanza, amua kila mhimili unapima nini

Usianze na orodha ya masuala. Anza na sentensi mbili, uziandike juu ya karatasi ya kazi, na kila atakayetoa alama azisome kabla hajashika kalamu.

Mhimili wima: shughuli zetu zinagusa maisha ya watu na mazingira kwa kiasi gani, kwa ushahidi na kwa maneno ya wanaoguswa? Mhimili mlalo: suala hili linaweza kubadilisha mapato, gharama, mikopo au thamani ya kampuni kwa kiasi gani?

Sentensi hizi zimefuata viwango viwili vinavyotumika sana. Kiwango cha GRI 3 cha shirika la Global Reporting Initiative, linaloandika viwango vya ripoti za uendelevu, kinachotumika kwa ripoti zilizotolewa kuanzia Januari 1, 2023, kinahesabu mada kuwa na uzito kwa kuangalia athari za kampuni kwa uchumi, mazingira na watu, zikiwemo haki za binadamu. Faida ya kampuni haimo kwenye kipimo hicho. Kiwango cha IFRS S1, cha kimataifa cha ripoti za uendelevu kwa wawekezaji, kilichotolewa Juni 2023, kinaangalia upande wa pili: habari ambazo mwekezaji au mkopeshaji angezihitaji ili aamue. Kenya inaelekea huko; ramani ya ICPAK, taasisi ya wahasibu, inazitaka kampuni zenye maslahi ya umma zianze kufuata viwango vya IFRS vya uendelevu kwa lazima mwaka 2027. Kwa hiyo matriksi iliyochorwa vizuri inakupa orodha mbili kwa mpigo. Ukisoma kwa wima unapata mada za GRI, ukisoma kwa mlalo unapata mada za IFRS.

GRI 3 haikulazimishi kuchora matriksi. Inataka ueleze ulivyofika kwenye mada zako na uzitaje. Mchoro ni msaada wa kuona tu, na ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye alama zilizo nyuma yake.

Orodha ya masuala

Tembea na jani. Linachumwa shambani, linapimwa kituoni, linapakiwa kwenye lori, linafika kiwandani ambako linanyaushwa, linakatwa, linachachushwa na kukaushwa kwa joto la boila inayochoma kuni, kisha chai inafungwa na kushuka Mombasa. Kila kituo kina maswali matatu: nani anaweza kuumia hapa, nini kinaharibika hapa, na sisi tunategemea nini hapa? Swali la tatu ndilo linaloibua mambo kama mvua, ambayo kampuni haiyasababishi lakini bila hayo haina biashara.

Ukimaliza utakuwa na masuala 30 au 40. Yaunganishe yabaki kati ya 12 na 18. Yakizidi hapo, watoa alama huchoka na kuanza kuandika 3 kila mahali. Kazi ngumu hapa ni maneno. Suala lililoandikwa "maji" halipimiki, kwa sababu mmoja atawaza mvua shambani, mwingine bomba la kambi ya wafanyakazi, mwingine mto unaopita chini ya kiwanda. Andika "maji safi na hali ya nyumba kwenye kambi za wafanyakazi", na wote watakuwa wanapima kitu kimoja.

Kwa kampuni yetu nitafuata masuala saba kati ya hayo: unyanyasaji wa kingono mashambani, mashine za kuchuma na ajira, malipo na bonasi kwa wakulima wadogo, makazi na maji kambini, kuni za kukaushia, ukame na jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayounguza majani, na vifungashio.

Kuwauliza wadau bila kuwapoteza kwenye wastani

Tuseme kampuni imetuma dodoso na watu 100 wamejibu, wakitoa alama 1 hadi 5 kwa suala la unyanyasaji wa kingono. Wafanyakazi wa ofisini 40 wametoa wastani wa 2.5. Wanunuzi 25 wametoa 3. Wakulima wadogo 23, ambao wana mashamba yao wenyewe, wametoa 2. Wachumaji 12 wametoa 5, wote bila kupungua hata mmoja.

Wastani wa watu wote 100 ni 2.81. Suala linaangukia katikati ya mchoro, jirani na vifungashio. Mtu mwangalifu atasema tukokotoe kwanza wastani wa kila kundi, kisha wastani wa makundi, ili wingi wa watu wa ofisini usiwameze wengine. Tukifanya hivyo tunapata 3.13. Imepanda kidogo, lakini bado haisemi kile ambacho wachumaji wamesema kwa sauti moja.

Kasoro iko kwenye swali lenyewe. Mtu wa ofisini aliulizwa jambo ambalo halimgusi na halijui, akajibu kwa adabu. Kura yake haina ushahidi wowote ndani yake. Kwa hiyo watumie wadau kama mashahidi wa athari badala ya kuwafanya wapiga kura. Kila kundi liulizwe kwa kina juu ya yale linaloyapitia: wachumaji juu ya kazi na kambi, wakulima juu ya mizani, malipo na bonasi, majirani juu ya mto na moshi, wanunuzi juu ya masharti ya mikataba yao.

Namna ya kuuliza inabadilisha majibu kabisa. Kwa wachumaji, kaa na kundi la watu wanane au kumi, wanawake peke yao, mbali na ofisi na bila nyapara karibu. Mwendeshaji awe mwanamke asiye mfanyakazi wa kampuni, anayejua Kiswahili na lugha ya hapo. Usiulize "haki za binadamu ni muhimu kiasi gani kwako?" Uliza siku inavyokwenda tangu asubuhi: nani anapanga mistari ya kuchuma, nani anapima majani, nani anaamua nani apate kazi msimu wa majani machache. Mamlaka ya nyapara yanajitokeza yenyewe kwenye majibu hayo, na penye mamlaka yasiyo na wa kuyahoji ndipo unyanyasaji unapopata nafasi.

Baadaye weka kadi zenye picha, moja kwa kila suala, kila kadi ikiwa na kikopo chenye mfuniko uliotobolewa. Mpe kila mtu punje kumi za mahindi azigawe atakavyo. Mfuniko ni wa lazima. Kadi zikiwa wazi, hakuna atakayeweka punje kwenye kadi ya unyanyasaji huku jirani yake akimwangalia, nawe utaondoka na matokeo yanayosema tatizo halipo. Punje kumi pia zinamlazimisha mtu kuchagua. Kipimo cha 1 hadi 5 kinamruhusu kusema kila kitu ni 4.

Jambo moja silifanyii mjadala: usifungue mazungumzo haya kabla hujajua utampeleka wapi mtu atakayesema ameumizwa. Panga na mshauri nasaha au shirika la msaada lililo nje ya kampuni kabla ya siku hiyo. Mratibu wa ripoti asikusanye ushuhuda wa mtu mmoja mmoja. Hana ujuzi wala ulinzi wa kuubeba.

Usidanganywe pia na sanduku la malalamiko lililo tupu. Kama sanduku liko nje ya ofisi ya meneja na barua zinafunguliwa na watu walewale wanaolalamikiwa, utupu wake ni dalili ya hofu, na uandikwe hivyo kwenye kumbukumbu zako.

Alama za mhimili wima

Sasa timu ndogo ya watu watano au sita inakaa na kumbukumbu za mazungumzo, takwimu za zahanati, ripoti za ajali na vipimo vya maji, na kutoa alama tatu kwa kila suala: ukubwa wa madhara kwa anayeguswa, upana wake, na ugumu wa kuyarekebisha. Kila alama ni 1 hadi 5 na iwe na maelezo ya maneno. Kwa ugumu wa kurekebisha, mfano, 1 ni "hali inarudi kama zamani ndani ya msimu", 5 ni "haiwezi kurudi". Kwa athari chanya, kama shule au soko la uhakika, tumia mbili za kwanza tu.

Kwa masuala ya mazingira na uchumi, chukua wastani wa alama tatu. Kama athari haijatokea bali inaweza kutokea, zidisha wastani huo kwa uwezekano (1 hadi 5), kisha gawa kwa 5. Kwa masuala yanayogusa haki za binadamu kanuni inabadilika: chukua alama ya juu kuliko zote, na usiipunguze kwa sababu ya uwezekano. Msingi wake ni Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu, zinazotanguliza ukali wa madhara. GRI 3 inafuata msimamo huohuo.

Kwenye kampuni yetu, unyanyasaji wa kingono umepata ukubwa 5, upana 3, ugumu 5. Wastani ungekuwa 4.33, lakini kwa kanuni ya haki unasimama 5. Makazi na maji kambini yamepata 3, 4 na 2, yanachukua 4.

Kuni ndizo zilizoleta ubishi. Mara ya kwanza timu ilitoa 3, 3 na 2, wastani 2.67, kwa maelezo kwamba boila inachoma mikaratusi iliyopandwa na kampuni. Mhasibu wa kiwanda akaleta stakabadhi. Sehemu kubwa ya kuni za miezi ya mvua ilinunuliwa kwa madalali, na hakuna karatasi inayoonyesha zilikatwa wapi. Kama zilitoka msitu wa asili, upana unapanda hadi 4 na ugumu hadi 4, kwa kuwa msitu wa asili haurudi kwa kupanda mikaratusi. Wastani mpya ni 3.67. Stakabadhi za kuni zimehamisha kidoti kuliko dodoso lolote lingeweza kufanya. Mpaka asili ya kuni ithibitishwe, alama iwe ile ya juu.

Alama za mhimili mlalo

Hapa mwite mhasibu mkuu, na usikubali maneno kama "athari kubwa". Funga kila alama na fedha. Kampuni ikipata faida ya shilingi milioni 200 kabla ya kodi kwa mwaka wa kawaida, unaweza kusema 1 ni chini ya milioni 2, 2 ni milioni 2 hadi 5, 3 ni 5 hadi 10, 4 ni 10 hadi 20, na 5 ni zaidi ya 20. Mipaka hii iamuliwe na idara ya fedha kabla ya kuona masuala. Kisha zidisha ukubwa kwa uwezekano na ugawe kwa 5. Taja pia kipindi: ndani ya mwaka, miaka mitano, au zaidi. Suala kama ukame hubadilika kabisa ukilitazama kwa miaka kumi.

Ukame na jalidi zimepata 5 kwa ukubwa na 4 kwa uwezekano, yaani 4. Kilo moja ya chai kavu inahitaji kilo nne hadi tano za majani mabichi. Majani yakipungua, kiwanda kinafanya kazi nusu siku huku mishahara na mikopo ikiendelea. Mashine za kuchuma zina 4 na 5, yaani 4. Zinapunguza gharama, lakini mwaka 2023 waandamanaji walizichoma moto huko Kericho, kwa hiyo suala lina fedha pande zote mbili. Malipo ya wakulima yana 4 na 4, yaani 3.2, kwa sababu mkulima anayelipwa kwa kuchelewa huuza majani kwa dalali wa kiwanda kingine.

Unyanyasaji wa kingono una 5 na 3, yaani 3. Februari 2023 BBC ilitoa uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, na kuna wanunuzi waliosimamisha ununuzi. Mhasibu anayedhani suala hili halina tarakimu aulizwe tu mnunuzi wake mkubwa anachukua sehemu gani ya mauzo.

Kuchora

Kwenye Excel, weka suala safu A, ukubwa, upana na ugumu safu B, C na D, aina ("haki" au "mengine") safu E, ukubwa wa fedha safu G na uwezekano wake safu H. Fomula ni hizi. Za athari ambazo bado hazijatokea, zisizo za haki, ongezea kwenye F2 kuzidisha kwa uwezekano na kugawa kwa 5:

```
F2: =IF(E2="haki",MAX(B2:D2),AVERAGE(B2:D2))
I2: =G2*H2/5
```

Chagua Insert, kisha Scatter. I iwe mlalo, F iwe wima. Mihimili yote ianze 0 na iishie 5, vinginevyo programu itaivuta na tofauti ndogo zitaonekana kubwa. Ili majina yatokee, tumia Format Data Labels na uchague Value From Cells.

| Suala | Wima | Mlalo |
|---|---|---|
| Unyanyasaji wa kingono | 5 | 3 |
| Makazi na maji kambini | 4 | 1.6 |
| Mashine na ajira | 3.67 | 4 |
| Kuni za kukaushia | 3.67 | 1.8 |
| Malipo ya wakulima | 3.33 | 3.2 |
| Ukame na jalidi | 1.67 | 4 |
| Vifungashio | 1.67 | 0.4 |

Mstari wa kukata

Kampuni yetu imeweka kizingiti cha 3 kwa wima na 2.5 kwa mlalo. Hapa ndipo kosa linalonisumbua kuliko yote hufanyika: mtu anachukua pembe ya juu kulia peke yake, yaani masuala yaliyovuka mistari yote miwili. Angalia kinachotokea. Makazi na kuni yanaanguka kwa sababu hayaigusi faida vya kutosha, na ukame unaanguka kwa sababu si kampuni iliyousababisha. Ripoti inabaki na masuala matatu, familia zinazokunywa maji machafu kambini hazitajwi, na mwekezaji haambiwi kuhusu mvua.

Kanuni iwe hii: suala likivuka mstari mmoja wowote, linaingia. Kwa kanuni hiyo masuala sita yanaingia, vifungashio pekee vinabaki nje. Makazi na kuni yanaripotiwa kama athari zetu kwa wengine, ukame kama hatari kwetu, mengine matatu kwa pande zote.

Kabla ya kupeleka kwa bodi, jaribu uimara wa mchoro. Sogeza kila alama ya msingi nafasi moja juu na moja chini, uone suala gani linavuka mstari. Malipo ya wakulima, yenye 3, 5 na 2, ukiyashusha kwa nafasi moja kwenye ukubwa yanabaki na wastani wa 3, yaani kwenye mstari wenyewe. Masuala ya namna hii yajadiliwe kwa ushahidi, na uamuzi wa kuyaingiza uandikwe pamoja na sababu.

Utazame pia umbo la vidoti. Vikijipanga kwa mshazari kutoka chini kushoto hadi juu kulia, watu walewale wametoa alama za mihimili yote miwili na wamejibu swali moja mara mbili. Vikirundikana vyote kati ya 3.5 na 4.5, kipimo hakina maelezo ya maneno, au watu waliogopa kuitwa wasiojali. Katika hali zote mbili rudi kwenye alama. Kubadilisha mizani ya mchoro hakutasaidia.

Bodi na ripoti

Bodi ipewe mchoro pamoja na jedwali la alama tatu tatu. Mkurugenzi ana haki ya kuhoji alama, na akitaka ibadilishwe alete ushahidi, kama mhasibu alivyoleta stakabadhi. Ombi la kushusha suala kwa sababu "litatuharibia jina" si ushahidi wa mhimili wima. Kama lina fedha, linapandisha mhimili mlalo.

Kwenye ripoti, kifungu GRI 3-1 kinaeleza ulivyofika kwenye mada na uliowashirikisha, 3-2 kinataja orodha na mabadiliko tangu ripoti iliyopita, na 3-3 kinaeleza, kwa kila mada, athari yenyewe, hatua unazochukua na unavyojua kama zinafaa. Andika 3-3 ya unyanyasaji kwa mambo yanayohesabika: njia ya malalamiko inasimamiwa na nani nje ya kampuni, mashauri mangapi yamepokelewa na mangapi yamefungwa, nani bado yuko kazini. Mwaka wa kwanza baada ya njia nzuri kufunguliwa idadi ya malalamiko kwa kawaida hupanda, kwa hiyo eleza mapema kwamba ongezeko hilo linaonyesha watu wameanza kusema.

Weka kwenye faili moja kumbukumbu za vikao bila majina ya watu, karatasi ya Excel kabla na baada ya kila badiliko, na tarehe ya kila uamuzi, kwa sababu mkaguzi ataomba njia uliyopita kabla hajaomba mchoro. Mwaka unaofuata huna haja ya kuanza upya. Pitia alama zote kwa ushahidi mpya, rudi kwa wachumaji kuwaonyesha walichosema kimeandikwaje, na ufanye upya zoezi lote pale tu kampuni inaponunua shamba, inapoleta mashine, au inapobadilisha chanzo cha kuni zake.